Bango limerudi mara mbili kwa sababu ya kialama cha juu. Nisaidieni "its" na "it's"

Fundi Mabango

Wakuu habari za jioni. Nina duka la kuchapa mabango hapa Mwanza. Wiki iliyopita shule moja ilinipa kazi ya bango la fleksi, mita 4 kwa mita 1.5, la sherehe za miaka 25. Maneno waliyatuma kwa wasapu, nikayapanga kama yalivyo, nikachapa:

```
WELCOME TO OUR SCHOOLS 25TH ANNIVERSARY
THE SCHOOL CELEBRATE'S IT'S ACHIEVEMENT'S
ALL PARENT'S AND TEACHER'S ARE WELCOME
LET'S CELEBRATE TOGETHER
```

Likarudi siku hiyohiyo. Mkuu wa shule alisema apostrofi zimejaa ovyo. Mimi nikaona njia salama ni kuziondoa zote, nikachapa upya kwa gharama yangu. Limerudi tena! Safari hii wanasema mstari wa mwisho sasa ni mbovu, na wa kwanza haujawahi kuwa sawa tangu mwanzo.

Fleksi mbili zimeharibika na sherehe ni Jumamosi. Swali langu si la hasira, nataka kuelewa. Shuleni nilifundishwa kwamba kitu kikiwa na mwenyewe unaweka apostrofi. Mafanikio ni ya shule, kwa hiyo "it's achievements". Nimekosea wapi?

Juma wa Tandika

Pole mkuu. Mimi naikumbuka hivi na haijawahi kuniangusha: "it's" ni "ni", na "its" ni "yake, lake, chake". "It's a good school", ni shule nzuri. "Its gate is blue", geti lake ni la bluu. Kwenye bango lako ni mafanikio yake, kwa hiyo alama hapana. Tafsiri kwanza, halafu andika.

Fundi Mabango

Asante Juma, hiyo imeingia. Lakini bado sijajibiwa kwa nini. "The school's gate" ina alama, tena ni geti la shule. Ukiitoa "school" ukaweka "it", alama inakimbilia wapi?

Mama Kihesa

Fundi, hilo ndilo swali lenyewe, na kosa lako lina mantiki kuliko unavyodhani. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka 26 na wanafunzi wangu waliokuwa wakikosea "its" mara nyingi walikuwa wale walioishika kanuni vizuri, si wale wasioijua.

Anza na maneno mengine ya jamii ya "its". Kwa Kiingereza, "yake" ya mwanamume ni "his". Ya mwanamke, ikisimama peke yake, ni "hers". Kuna "ours", "yours", "theirs". Hakuna hata moja yenye alama, na hakuna anayeandika "hi's". "Its" ni ndugu wa hao, si ndugu wa "school's". Neno lililoundwa tangu mwanzo kuonyesha umiliki halihitaji kupachikwa alama ya umiliki. "School" ni jina la kitu, haliwezi kuonyesha umiliki lenyewe, ndiyo maana linapachikwa.

Sasa huyo "it's" mwenye alama ni maneno mawili yaliyobanwa, "it is" au "it has". Alama inakaa pale herufi zilipodondoka.

Juma, njia yako ni nzuri lakini ina mashimo. "It's raining", mvua inanyesha. "Ni" iko wapi hapo? "It's grown", imekua. "It's got a library", ina maktaba. Zote zina alama na hakuna "ni" hata moja. Ukitegemea Kiswahili peke yake utaziacha. Rudisha maneno yaliyobanwa: sema "it is", kisha sema "it has". Moja ikikaa vizuri kwenye sentensi, weka alama. Zote zikigoma, usiweke. "The school celebrates it is achievements", hiyo haisimami. "It has achievements" nayo hapo haisimami. Basi ni "its".

Juma wa Tandika

Nimekubali mwalimu. "It's raining" sikuwahi kuifikiria.

Kipchumba wa Eldoret

Wadau, naona mnaongelea hii alama, na mimi imenitesa maisha yangu yote. Jina la baba yangu ni Ng'eno. Nikijaza fomu kwa mtandao inaniambia "herufi zisizoruhusiwa". Nikiitoa, cheti kinasema Ng'eno na akaunti inasema Ngeno, halafu naambiwa si mtu mmoja. Je, kisheria naweza kuiacha?

Mama Kihesa

Pole mwanangu. Hiyo ya kwako ni alama ileile kwa macho, kazi tofauti. Kwenye Ng'eno, au ng'ombe, hakuna herufi iliyodondoka wala umiliki. Ni sehemu ya herufi, inatutofautishia sauti ya "ng'ombe" na ile ya "ngoma". Vitabu vyetu vya sarufi vinaiita ritifaa. Ukiitoa umebadilisha matamshi ya jina la ukoo. Ya kisheria siyawezi, ila ningekuwa wewe nisingeiacha.

Msimbo Mtulivu

Kipchumba, nafanya kazi ya programu. Chanzo ni kwamba kwenye hifadhidata alama hiyohiyo hufunga na kufungua maandishi:

```sql
INSERT INTO watu (jina) VALUES ('Ng'eno');
```

Mashine inadhani jina limeishia kwenye Ng, na kilichobaki hakieleweki. Aliyetengeneza fomu alipaswa kulipitisha jina kama thamani inayojitegemea, nje ya amri yenyewe, lakini wengi wanaona rahisi kuikataza alama. Angalia pia kama kibodi ya simu yako inaweka ' iliyonyooka au ’ iliyopinda. Kwa macho ni jina moja, kwa kompyuta ni mawili. Mifumo miwili inaweza kushindwa kukulinganisha kwa hilo tu.

Kipchumba wa Eldoret

Ya kupinda sikujua. Nitaangalia. Samahani kwa kuingilia uzi.

Fundi Mabango

Hakuna shida kaka. Mwalimu, turudi kwenye bango. "Its" nimeelewa. "Celebrate's" je? Na mbona "let's" ilikuwa sahihi nikaiharibu?

Mama Kihesa

Tulipitie neno kwa neno, maana kwenye mistari minne hiyo kuna karibu kila kosa ninalolijua.

Kiingereza kina "s" nyingi za mwishoni, na aliyekuandikia maneno ameziona zote kama kitu kimoja. "S" ya "celebrates" ni ya kitendo, inakuja kwa sababu anayesherehekea ni mmoja, "the school". Haina mwenyewe wala hakuna kilichodondoka. Alama itoke.

"S" ya "achievements", "parents" na "teachers" ni ya wingi tu: mafanikio, wazazi, walimu. Alama itoke. Muulize aliyeandika: wazazi wanamiliki nini kwenye sentensi hiyo? Hawamiliki chochote, wanakaribishwa. Hili ndilo kosa linaloonekana sana barabarani, "phone's" na "photo's" kwenye vibao vya maduka.

"Let's" ni "let us", tusherehekee pamoja. Herufi "u" imedondoka, alama imekaa mahali pake. Ulipoitoa ikabaki "lets", na hilo ni neno jingine kabisa, "anaruhusu" au "anapangisha". Ndiyo maana kufuta zote hakukusaidia.

Umebaki mstari wa kwanza, na hapo nina swali kabla ya kujibu. Shule ni ngapi?

Fundi Mabango

Ngapi kivipi mwalimu? Mwenye shule ni mmoja. Kuna msingi na sekondari kwenye uzio mmoja.

Mama Kihesa

Ni ipi inayotimiza miaka 25?

Fundi Mabango

Sekondari. Msingi ilikuja baadaye.

Mama Kihesa

Basi ni moja. Kiswahili hapa kitakusaidia kuliko Kiingereza. Sema "maadhimisho ya shule". Mwenye kitu kwetu anakuja nyuma ya "-a", kwao anatangulia. Mchukue mwenye kitu, mwandike kwanza akiwa kamili, kisha weka alama mwishoni mwake. Shule moja ni "school", alama baada yake, halafu "s": "our school's 25th anniversary". Zingekuwa mbili zinasherehekea pamoja, ungeandika kwanza "schools", alama ingekuja baada ya "s", na usingeongeza "s" nyingine: "our schools'".

Ndiyo maana niliuliza idadi. Meza ya mwalimu ni "the teacher's desk". Chumba cha walimu ni "the teachers' room". Sisi tunasema mwalimu na walimu, tofauti iko mdomoni. Wao wakitamka hizo mbili hazitofautiani hata kidogo, kwa hiyo wenye lugha yao wanakosea pale ambapo sisi tungeweza kupata.

Kwa maneno ambayo wingi wake hauna "s", kama "children" na "women", njia ni ileile. Andika mwenye kitu akiwa kamili, alama, kisha "s". "Children's". Usiandike "childrens'", kwa sababu hakuna neno "childrens" la kuanzia.

Ila usiiamini "-a" kila mahali. "Mlango wa chuma" si umiliki, chuma hakina mlango.

Binti Pwani

Mwalimu hii imenigusa. Mimi ni katibu muhtasi, nachapa barua za watu kuacha kazi. Wanaandika "one months notice". Kuna umiliki hapo kweli? Mwezi unamiliki notisi?

Mama Kihesa

Kwa Kiingereza muda unahesabiwa kama mwenye kitu. Notisi ya mwezi mmoja, "one month's notice". Ya miezi mitatu, "three months' notice". Kanuni ni ileile ya mwalimu na walimu.

Binti Pwani

Nilikuwa naziacha hivyohivyo miaka yote hii. Kesho naanza kurekebisha.

Mwanahistoria wa Mtaa

Naomba niongeze kitu kwa Fundi, kwa sababu aliuliza kwa nini. Kosa lako liliwahi kuandikwa na watu wazito sana. Katiba ya Marekani ya 1787, Ibara ya Kwanza, Kifungu cha 10, inazungumzia sheria za ukaguzi za jimbo, na imeandikwa "it's inspection Laws". Ni umiliki, na alama ipo. Mpaka leo iko hivyo kwenye hati.

Neno "its" lenyewe ni changa. Zamani Kiingereza kilitumia "his" hata kwa kitu kisicho na uhai. "Its" ilianza kushika mwishoni mwa karne ya 16, na kwa muda mrefu watu waliiandika kwa alama na bila alama. Matumizi ya leo yalitulia karne ya 19.

Na hiyo alama ya umiliki kwenye "king's" mizizi yake ni kubana pia. Kiingereza cha kale kilikuwa na kiishio "-es" cha umiliki. Irabu ikapotea mdomoni, na baadaye alama ikaja kukaa pale ilipopotea. Kwa hiyo umiliki na kubana, ambavyo leo tunafundishwa kama kazi mbili, vilianza mahali pamoja.

Juma wa Tandika

Kumbe! Kwa hiyo Fundi angekuwa 1787 bango lingepita.

Mwanahistoria wa Mtaa

Mstari wa pili ungepita kwa "it's". "Celebrate's" isingepita hata wakati huo.

Wanjiru wa Nakuru

Mwalimu, nina ubishi kidogo. Umesema wingi hauna alama kabisa. Kwetu mtoto akifanya vizuri kwenye mtihani wa kidato cha nne tunaandika "three A's". Walimu wetu walitufundisha hivyo. Tulikosea?

Mama Kihesa

Hamkukosea, na umefanya vizuri kunibana. Herufi moja inayosimama peke yake inaruhusiwa, kwa sababu ya kusomeka. Ukiandika "three As" msomaji anaona neno "as" na anakwama. Vivyo hivyo "i's" na "u's". Huo ni mlango mwembamba, watu wasiupitishe gari. "CVs" na "PDFs" hazihitaji alama. Miaka ya tisini ni "1990s". Utaiona "1990's" kwenye machapisho ya zamani, wahariri wengi wa sasa wameiacha.

Wanjiru wa Nakuru

Sawa. Na kadi za harusi? Nimealikwa na "The Mwangi's".

Mama Kihesa

Akina Mwangi ni "the Mwangis". Wingi tu. Nyumba ya akina Mwangi ndiyo "the Mwangis' house".

Elias T.

Mimi jina langu linaishia na "s" tayari. Nilifundishwa likiishia na "s" unaweka alama tu, basi. "Elias' car". Hiyo ndiyo kanuni, sivyo?

Mama Kihesa

Ni kanuni ya nusu ya dunia, Elias. Kwa wingi, kama "teachers'", ndiyo, alama tu. Kwa jina la mtu mmoja linaloishia na "s" wahariri wamegawanyika. Wengine wanataka "Elias's", wengine "Elias'". Mimi nafuata sikio: ukitamka "s" ya pili, iandike.

Shabiki wa Kaskazini

Ushahidi upo kwenye mpira jamani. Uwanja wa Newcastle United ni "St James' Park". Bustani iliyo London ni "St James's Park". Nchi moja, jina moja, maandishi mawili.

Elias T.

Basi nitabaki na langu, ila sitamsahihisha mtu tena.

Fundi Mabango

Nimewasoma wote. Hii ndiyo rasimu ya tatu, naomba macho yenu kabla sijawasha mashine:

```
WELCOME TO OUR SCHOOL'S 25TH ANNIVERSARY
THE SCHOOL CELEBRATES ITS ACHIEVEMENTS
ALL PARENTS AND TEACHERS ARE WELCOME
LET'S CELEBRATE TOGETHER
```

Mama Kihesa

Hiyo ni safi. Alama mbili tu, kwenye "SCHOOL'S" na "LET'S". Moja ya mwenye kitu, moja ya herufi iliyodondoka. Angalia kitu kimoja kabla ya kuchapa: alama zote mbili ziwe za kupinda upande mmoja, mkia ukitazama chini kushoto kama koma. Programu za kupangia maandishi wakati mwingine zinageuza, hasa alama ikiwa mwanzoni mwa neno, na kwenye herufi za ukubwa huo inaonekana kutoka barabarani.

Mchapaji Mzoefu

Fundi, mimi niko kwenye kazi hii hapa Arusha. Gharama ya fleksi ya kwanza si yako. Mteja alituma maneno, wewe umechapa maneno. Mimi siku hizi natuma picha ya rasimu na sichapi mpaka ajibu "sawa" kwa maandishi. Ya pili ndiyo yako, kwa sababu wewe ndiye uliyebadilisha.

Binti Pwani

Sikubaliani. Mtu anakuja kwa fundi kwa sababu anamwamini. Mimi bosi akinipa barua yenye makosa naisahihisha, halafu namwonyesha.

Mchapaji Mzoefu

Wewe bosi wako umemzoea, dada. Mimi napokea mabango kumi kwa siku, ya makanisa, ya kampeni, ya salamu za rambirambi. Nikianza kusahihisha Kiingereza cha watu, siku nitakayosahihisha kimakosa nitalipa mimi. Yeye mwenyewe imemtokea kwenye bango la pili.

Fundi Mabango

Wote mna hoja. Nimeongea na mhasibu wa shule, amesema watalipia moja na la tatu, la pili ni langu. Nimekubali. Rasimu imeenda kwa mkuu wa shule, amejibu "sawa" kwenye mistari yote minne.

Ila amerudi na jipya. Wanataka kitambaa kidogo cha getini kimeandikwa siku ya wazazi. Yeye ameandika "Parents Day". Makamu wake anasema "Parents' Day". Katibu wa kamati ameleta "Parent's Day". Nichape ipi?

Mama Kihesa

Hapo Fundi hata mimi nakaa kwanza. "Parents' Day" ni siku ya wazazi, wengi, na ndiyo ningeiandika mimi. "Parents Day" ina watetezi wake: wanasema wazazi hawaimiliki siku, neno linaielezea siku tu. Wamarekani wana "Veterans Day" bila alama, tena rasmi. Ya katibu, yenye mzazi mmoja, si ya kutupwa haraka. "Mother's Day" iko hivyo, mama mmoja, na Anna Jarvis aliyeianzisha Marekani aliisimamia kwa makusudi, kila familia imheshimu mama yake. Lakini shuleni wanakuja wazazi wote kwa pamoja, kwa hiyo sidhani hoja hiyo inawafaa.

Mwanahistoria wa Mtaa

Mimi ningeenda na isiyo na alama. Inasomeka kwa mbali.

Elias T.

Mimi ya makamu.

Fundi Mabango

Nimewatumia rasimu zote tatu, wamesema kamati itakaa kesho asubuhi. La mita 4 limeshachapwa, nimelitundika dukani likauke. Hicho kitambaa nimekikata na kukitoboa ringi, maandishi yanasubiri simu yao.